Namba ya Kiatu cha Mwanamke: Jinsi ya Kuhama Kutoka Mfumo Mmoja Hadi Mwingine Bila Kununua Pea Isiyokutosha

Chukua raba mbili za wanawake, kila moja ya kampuni yake. Zote zimeandikwa US 7 na zote zimekusudiwa mguu wa sentimita 24. Geuza ulimi wa kiatu usome lebo iliyobaki: ya kwanza inasema UK 4.5 na EU 38, ya pili inasema UK 5.5 na EU 38 2/3. Hakuna aliyekosea kuchapa. Lebo hizo ziko sokoni hivyohivyo, na mwanamke anayejijua kuwa "mimi ni UK 5.5" atapata kiatu kinachomkaa vizuri kwa kampuni moja, na kwa kampuni nyingine atapata kinachopwaya karibu sentimita nzima.

Ndiyo maana mwongozo huu haukupi chati ndefu ya kukariri. Namba haigeuzwi moja kwa moja kuwa namba nyingine. Inapitia kwanza kwenye urefu wa mguu kwa milimita, kisha inashuka upande wa pili. Anayeruka hatua hiyo ya kati ndiye anayerudisha viatu.

Kwa nini chati hazikubaliani

Mifumo mikubwa inatofautiana kwa mambo mawili: ukubwa wa hatua kati ya namba moja na inayofuata, na kitu chenyewe kinachopimwa.

Namba ya Ulaya hupanda kwa pointi ya Paris, ambayo ni theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.67 hivi. Namba ya Uingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi, milimita 8.47, na nusu namba ni kama milimita 4.2. Marekani hutumia hatua ileile ya Uingereza ila huanza kuhesabu mahali pengine, tena ina hesabu moja ya wanaume na nyingine ya wanawake. Japani, Korea na China hupanda kwa milimita 5.

Hatua zisizolingana haziwezi kuangukia mahali pamoja kila mara. Kila kampuni inapopanga safu ya Ulaya pembeni ya safu ya Uingereza, hulazimika kusogeza mojawapo juu au chini. Adidas wameamua kutosogeza sana: wanaandika theluthi, 36 2/3, 37 1/3, 38, 38 2/3, kwa sababu theluthi mbili za namba ya Ulaya ni milimita 4.4, karibu sawa kabisa na nusu namba ya Uingereza. Wengine hukata hadi nusu namba au namba kamili, na hapo milimita mbili tatu zinapotea kimyakimya.

Jambo la pili ndilo zito zaidi. Namba za Ulaya, Uingereza na Marekani asili yake si kupima mguu wako. Zinapima kalibu, yaani lile umbo la mbao au plastiki ambalo fundi hushonea kiatu juu yake. Kalibu lazima iuzidi mguu, maana vidole vinahitaji nafasi ya kusogea unapotembea. Japani, Korea na China hupima mguu wenyewe: 24 au 240 kwenye lebo maana yake kiatu hiki ni cha mguu wa sentimita 24. Mfumo huo wa kupima mguu kwa milimita huitwa Mondopoint na umewekwa kwenye kiwango cha kimataifa ISO 9407. Kwa hiyo ukiona sentimita kwenye chati, swali la kwanza ni moja tu: hizi ni sentimita za mguu au za kiatu? Tutalirudia, kwa sababu ndilo linaloharibu manunuzi mengi kuliko jingine lolote.

Pima mguu, na upime sawasawa

Pima jioni, mguu ukiwa umeshatembea na kuvimba kidogo. Vaa soksi utakayovaa na kiatu hicho, au usivae kama ni kiatu cha kuvaliwa bila soksi.

Weka karatasi sakafuni, ukingo wake ukigusa ukuta. Simama juu yake kisigino kikigusa ukuta, uzito wote ukiwa kwenye mguu unaopimwa. Ukipima umekaa, mguu hautanuki kama unavyotanuka ukibeba mwili, na utapata kipimo kifupi. Mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa watu wengi ni kidole gumba, lakini kwa wengine ni cha pili, na hao wakipima kwenye kidole gumba wanajipunja. Kalamu isimame wima kabisa. Ikilala kuelekea chini ya kidole, alama itaingia ndani kwa milimita tatu au nne, na hiyo ni karibu nusu namba nzima ya Uingereza.

Pima kwa rula kutoka ukingo wa ukutani hadi kwenye alama. Andika kwa milimita bila kukata. Rudia mguu wa pili. Miguu miwili ikitofautiana, unanunua kwa mguu mrefu, na ule mfupi utasaidiwa na soli nyembamba ya kuongezea ndani.

Mwisho, zungushia tepu ya fundi cherehani sehemu pana ya mguu, pale kwenye vifundo ambapo vidole vinaanzia, ukiwa bado umesimama. Usiikaze. Namba hiyo itakusaidia baadaye, pale urefu utakapokuwa sahihi lakini kiatu bado kinabana.

Geuza milimita kuwa namba

Kwa kiatu cha kawaida cha kufunika, chenye ncha ya mviringo, nafasi ya sentimita 1.5 kati ya mguu na kalibu ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukishapata kalibu, hesabu iliyobaki ni fupi. Vipimo vyote hapa ni sentimita.

```
kalibu = mguu + 1.5
EU     = kalibu × 1.5
UK     = kalibu ÷ 2.54 × 3 − 25
US     = UK + 2
```

Mstari wa mwisho ndio dhaifu kuliko yote, na ni vyema ujue udhaifu wake kabla ya kuutumia. Hakuna tofauti moja inayokubalika kati ya namba ya Uingereza na ya Marekani kwa viatu vya wanawake. Kampuni moja huongeza 1.5, nyingine 2, nyingine 2.5. Zile raba mbili za mwanzoni ni mfano kamili: moja ilikuwa na tofauti ya 2.5, nyingine ya 1.5. Mimi hutumia 2 kwa sababu iko katikati, nikijua kwamba jibu linaweza kuhama nusu namba huku au huku.

Kwa Asia huhitaji hesabu ya kalibu. Panda hadi nusu sentimita iliyo juu ya kipimo chako: mguu wa 24.3 ni 24.5 Japani na 245 Korea. China huandika 245 pia, mara nyingi pamoja na namba ya mtindo wa zamani ambayo hupatikana kwa kuzidisha sentimita mara mbili na kutoa 10. Kwa hiyo 245 ni 39.

Safu ya sentimita: ya mguu au ya kiatu?

Sasa unafungua chati ya muuzaji na kuona "38 = 24 cm" au "38 = 25.3 cm". Zote mbili zinaweza kuwa kweli, na ukichanganya maana zake unakosea karibu namba mbili.

Njia ya kutambua ni rahisi. Chukua namba ya Ulaya iliyo kwenye chati, izidishe kwa 2, ugawe kwa 3. Jibu ni urefu wa kalibu. Kwa 38 ni 76 gawanya kwa 3, yaani 25.3. Chati ikionyesha karibu na hapo, 25 na kitu, basi inakuambia urefu wa ndani ya kiatu. Mguu wako unatakiwa uwe mfupi kuliko hiyo namba kwa sentimita moja na nusu hivi. Chati ikionyesha 23.8 au 24 au 24.2, inazungumzia mguu, na hapo hupunguzi wala kuongeza chochote. Unatafuta tu mstari wenye kipimo chako, na ukiangukia kati ya mistari miwili unapanda juu.

Angalia pia jinsi safu inavyopanda. Ikiongezeka kwa 0.5 kamili kila namba, huku namba zikiwa 35, 36, 37, 38, kuna uwezekano mkubwa kwamba hizo ni namba za China hata kama juu ya safu wameandika EU. Ikipanda kwa 0.6 na 0.7 kwa kupokezana, ni pointi ya Paris halisi.

Hili la pili linastahili kuangaliwa kwa makini, maana soko la mtandaoni limejaa viatu vyenye namba za China vinavyouzwa kwa jina la Ulaya. Mifumo hiyo miwili inakutana kwenye 39: kwa hesabu yetu EU 39 ni mguu wa 24.5, na China 39 ni 24.5 vilevile. Wanawake wenye mguu wa kati hununua miaka na miaka bila kugundua tofauti. Lakini kadiri unavyoondoka kwenye 39, ndivyo mifumo inavyoachana. Mwenye mguu wa sentimita 22.5 ni EU 36, lakini China ni 35. Akiagiza 36 yake ya kawaida anapata kiatu cha mguu wa 23, kirefu kwa milimita 5, na kisigino kinaanza kutoka anapotembea. Upande wa juu mambo yanageuka. Mwenye mguu wa sentimita 26 ni EU 41, lakini China anahitaji 42. Akiagiza 41 anapata kiatu cha mguu wa 25.5 na vidole vinagonga mbele.

Kwa hiyo ile kauli inayosambaa kwamba "viatu vya China ni vidogo, ongeza namba moja" ni kweli kwa wenye miguu mirefu tu. Mwenye mguu mdogo akiifuata, anakosea mara mbili kwa upande uleule.

Mfano mmoja hadi mwisho

Tuseme mwanamke amepima akapata mguu wa kushoto sentimita 24.3 na wa kulia 23.9. Anachukua 24.3. Kalibu yake ni 25.8. Ulaya: 25.8 mara 1.5 ni 38.7. Uingereza: 25.8 gawanya kwa 2.54 ni 10.16, mara 3 ni 30.47, toa 25, inabaki 5.47, yaani 5.5. Marekani: 7.5. Japani 24.5, Korea 245, China 245 au 39.

Mbele yake kuna pea tatu anazozitaka.

Ya kwanza ni raba ya UK 5.5, na picha ya lebo inaonyesha pia 38 2/3, US 7 na 24 kwenye safu ya Japani. Ukitazama namba ya Uingereza peke yake ni yake kabisa, na hata 38 2/3 ndiyo 38.7 aliyoipata kwenye hesabu. Lakini mtengenezaji mwenyewe amesema kiatu ni cha mguu wa 24, na yeye ana 24.3. Pale safu ya sentimita za mguu inapogongana na hesabu yako ya kalibu, mpe haki mtengenezaji, kwa sababu yeye ndiye anayejua nafasi aliyoiweka ndani. Anapanda nusu namba: UK 6, ambayo kwa kampuni hiyo ni 39 1/3 na 24.5. Kwa raba ya kutembea au kukimbia hatua hiyo ni sahihi zaidi, maana mguu husogea mbele kila unapotua.

Ya pili ni kiatu bapa cha kufunika kilichoandikwa 39 tu, bila jina la mfumo. Picha ya soli ya ndani inaonyesha 245 imepigwa chapa karibu na kisigino. Hiyo ni ya China, na ni ya mguu wa 24.5. Inamfaa, ikimwachia milimita mbili za ziada. Na hata kama 39 ile ingekuwa ya Ulaya, ingemfaa pia. Yuko pale pale mifumo inapokutana.

Ya tatu ni kiatu cha mchuchumio, US 8, chenye ncha nyembamba. Hesabu inasema 7.5, na anajua kwamba inaweza kuyumba kati ya 7 na 8. Hapa hesabu imefika mwisho wa uwezo wake. Anafungua chati ya kampuni hiyohiyo, si ya duka linaloiuzia, na kutafuta sentimita. Wanaandika 7.5 kuwa mguu wa 24.5 na 8 kuwa 25. Namba yake ni 7.5. Ile 8 ingekuwa na nafasi ya milimita 7 zaidi ya mguu wake, na kwenye kisigino kirefu nafasi hiyo haikai mbele ya vidole kwa amani. Mguu unateremka na mteremko wa kiatu, vidole vinajibana kwenye ncha, na nyuma panabaki uwazi. Anayehisi kubanwa vidole na mchuchumio kisha akaongeza namba, mara nyingi anaongeza tatizo lilelile. Dawa yake ni ncha pana zaidi, mkanda unaoshika kifundo, au kisigino kifupi zaidi.

Ukiangalia vizuri, mwanamke huyu ameishia na UK 6, China 39 na US 7.5. Mguu haukubadilika hata kidogo.

Herufi na namba zinazodanganya

US bila jinsia. Namba ya Uingereza kwa kawaida ni moja kwa wanaume na wanawake, lakini ya Marekani ni mbili, na kati yake kuna tofauti ya namba 1 hadi 1.5. Raba zinazouzwa kwa jinsia zote mara nyingi huandikwa namba ya wanaume. Ukiona US 7 kwenye raba ya namna hiyo bila herufi M ya wanaume au W ya wanawake, usiagize kabla hujaona namba nyingine kwenye lebo. US 7 ya wanaume inaweza kuwa 8.5 ya wanawake, na hatua moja na nusu ni milimita 12.7. Mguu unaelea humo ndani.

Upana. Baada ya namba huweza kufuata herufi ya upana. Kwa viatu vya wanawake vya Marekani, B ni upana wa kawaida, AA ni mwembamba, D ni mpana. Kwa viatu vya wanawake vya Uingereza, D ndiyo ya kawaida na E ni pana. Mwanamke mwenye mguu mpana aliyezoea kununua D ya Marekani akiagiza D kutoka Uingereza anapata kiatu cha upana wa kawaida, huku urefu ukiwa sahihi kabisa, na anabaki kujiuliza kosa liko wapi. Hapa ndipo kile kipimo cha tepu kinapofaa. Kama chati ya kampuni ina safu ya mzunguko wa mguu, linganisha. Kama haina, usijaribu kutibu upana kwa kuongeza urefu. Dalili ya aliyefanya hivyo huonekana wazi: pembeni bado panabana, na kisigino kinapanda na kushuka.

Brazil na Italia. Brazil hutumia hatua ya Ulaya lakini namba zake ziko chini kwa 2, kwa hiyo BR 37 ni kama EU 39. Viatu vya kifahari vya Italia mara nyingi vina namba ya IT iliyo chini kwa moja kuliko ya Ufaransa: IT 38 hukaa pamoja na FR 39. Kampuni ikiandika IT, soma chati yao na usidhani kuwa ni EU.

Australia. Viatu vya wanawake huko mara nyingi hufuata namba ya wanawake ya Marekani. Namba 8 ya huko usiichukue kuwa 8 ya Uingereza.

Pale ambapo hakuna chati

Wauzaji wadogo na wa mitumba mara nyingi hawana chati yoyote. Usimwulize muuzaji "hiki ni saizi gani ya Ulaya?" Atakujibu kwa kukisia, na kisio lake litakuwa gumu kukanusha baadaye. Omba mambo mawili: picha ya lebo ya ndani yote, pamoja na namba zile ndogo, na urefu wa ndani wa kiatu kuanzia ukuta wa kisigino hadi mwisho wa ncha, uliopimwa juu ya soli ya ndani kwa tepu au rula inayoonekana pichani. Sisitiza neno ndani. Urefu wa soli ya nje unaweza kuzidi wa ndani kwa sentimita 1 hadi 3, kutegemea unene wa kiatu, na hausemi lolote la maana kuhusu mguu.

Ukipata urefu wa ndani, toa urefu wa mguu wako. Kwa kiatu cha kufunika chenye ncha ya mviringo, unataka kubaki na sentimita 1 hadi 1.5. Kwa raba ya kukimbilia, elekea 1.5. Kwa sandali ya wazi, nusu sentimita inatosha, na zaidi ya hapo ncha ya soli itakukwaza unapopanda ngazi. Kwa ncha iliyochongoka, inaweza kufika 2 na kuzidi bila kiatu kuwa kikubwa, kwa sababu sehemu ya mbele kabisa ni nyembamba mno kuingia kidole.

Kuna kipimo kingine ambacho mimi naona ni bora kuliko chati zote: kiatu chako mwenyewe kinachokutosha vizuri. Chomoa soli yake ya ndani, ipime urefu na upana wa sehemu pana, na uandike pamoja na aina ya kiatu. Raba ilinganishwe na raba, mchuchumio na mchuchumio. Muuzaji akikutumia urefu wa soli ya ndani ya kiatu cha aina hiyohiyo, unalinganisha vitu vya aina moja, na milimita 3 za tofauti zinakuambia zaidi ya namba tano zilizochapwa kwenye boksi.

Chati ya kampuni, kama ipo, iwe ya aina hiyo ya kiatu pia. Kampuni moja inaweza kuwa na kalibu kadhaa, na chati ya raba zake isihusu buti zake. Soma maelezo ya bidhaa yenyewe kabla ya ukurasa wa jumla wa saizi. Pale penye maoni ya wanunuzi, tafuta yule anayetaja urefu wa mguu wake. Anayeandika tu "kidogo, ongeza namba" hajakuambia alianzia mfumo gani.

Kiatu kimefika

Kijaribu jioni, juu ya zulia au shuka safi, soli isije ikachafuka ukashindwa kukirudisha. Vaa vyote viwili. Simama, usikae, na uanze na mguu ule mrefu.

Sukuma mguu mbele hadi vidole viguse ncha. Nyuma ya kisigino, kwa kiatu cha kufunika, kidole kimoja cha mkono kiingie kwa kuteleza. Kisipoingia, urefu umepungua. Vikiingia viwili, umezidi.

Kisha simama kwa vidole na utazame kiatu kinapokunjwa. Mkunjo unatakiwa uangukie juu ya vifundo vya vidole, pale ulipozungushia tepu. Ukiangukia mbele yake, kuelekea vidoleni, kiatu ni kirefu kuliko mguu wako hata kama kisigino hakitoki. Kasoro hiyo haiwezi kurekebishwa kwa soli ya kuongezea, kwa sababu sehemu pana ya kiatu haiko penye sehemu pana ya mguu.

Tembea hatua kadhaa ukigeuka kulia na kushoto. Kisigino kikipanda kidogo kwenye ngozi mpya ni kawaida, ngozi bado ni ngumu. Kikitoka kabisa, rudisha. Usikubali kuambiwa kitapanuka kama tatizo ni urefu: ngozi huachia upana kidogo kwa kuvaliwa, lakini kiatu hakirefuki.

Ukikirudisha na kuomba namba nyingine, usiombe "namba moja juu". Namba moja juu ni milimita 6.67 kwa Ulaya, 8.47 kwa Uingereza na Marekani, na 5 kwa China. Pima kwanza kiasi kilichopungua au kuzidi, kisha taja namba kamili pamoja na mfumo wake na sentimita zake, kwa mfano "EU 39 1/3, UK 6, sentimita 24.5".